Maini, nyama au supu: mwenye jongo achague kipi kwenye sahani ya Idi?

Mwenye jongo akitoka hospitali mara nyingi huwa amepewa katazo moja fupi: "Acha nyama nyekundu." Akifika nyumbani ndipo maswali yanapoanza. Maini nayo ni nyama nyekundu? Supu ya mbuzi isiyo na mnofu hata mmoja je? Na kuku, kwa kuwa nyama yake ni nyeupe, ale atakavyo? Huku Lamu maswali haya huwa mazito zaidi Idi ya kuchinja, kwa sababu mnyama mmoja aliyechinjwa uani huleta vyote kwa siku moja: maini asubuhi, supu kabla ya adhuhuri, pilau mchana, mishikaki jioni. Hakuna anayetaka kukaa pembeni siku hiyo akitazama wenzake wanakula, wala si lazima akae pembeni. Lakini vyakula hivi vinne havilingani, na anayevijua tofauti yake anaweza kuchagua.

Nitavilinganisha vitatu vinavyowasumbua watu zaidi: maini (pamoja na figo, moyo na bandama), nyama yenyewe ya mnofu, na supu. Kuku, samaki na matumbo nitavitaja mahali pake, kwa kuwa ndiko watu wanakokimbilia wakikatazwa nyama.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya kila seli, iwe ya mnyama au ya mmea, kuna kemikali zinazoitwa purini. Kazi zake ni mbili kubwa. Kwanza, ni sehemu ya vinasaba na ya zile nakala za vinasaba ambazo seli huzisoma inapotengeneza protini. Pili, zimo kwenye ATP, kemikali ambayo misuli huitumia kupata nguvu. Tukila seli za mnyama, purini zake huvunjwa kwenye utumbo na ini letu mpaka zinaishia kuwa asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kinachoivunja asidi hiyo zaidi hadi ikawa kitu chepesi cha kutoka na mkojo. Binadamu hana kimeng'enya hicho. Sisi hutegemea figo, ambazo hutoa kama thuluthi mbili, na utumbo, ambao hutoa kiasi kilichobaki.

Damu ina kikomo cha kubeba asidi hii. Ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kuganda kuwa fuwele nyembamba zenye ncha, kama chumvi iliyozidi maji inavyotulia chini ya chupa. Fuwele hizo hupenda viungo vyenye baridi zaidi kuliko mwili wa kati, na ndiyo sababu moja kidole gumba cha mguu huwa cha kwanza. Kinga ya mwili inapozigundua inazishambulia, na shambulio hilo ndilo lile joto, wekundu na maumivu ambayo hata shuka ikigusa kidole mtu anapiga kelele.

Jambo moja litamkwe mapema ili chakula kisibebeshwe lawama yote: sehemu kubwa ya asidi ya yuriki, kama thuluthi mbili, haitoki kwenye chakula. Mwili wenyewe huitengeneza kila siku seli zake zinapochakaa na kubadilishwa. Wagonjwa wengi wa jongo pia wana figo zinazoitoa asidi hii polepole, na hali hiyo mara nyingi hurithiwa. Kwa hiyo mtu anayejinyima nyama mwaka mzima kwa kawaida hushusha kipimo chake kwa miligramu moja hivi kwa desilita, au chini ya hapo. Aliye na 9 hatafika 6, kiwango ambacho matibabu hulenga kushuka chini yake, kwa kuacha nyama peke yake. Hata hivyo chakula kina uwezo mwingine: mlo mzito wa ghafla huweza kuamsha shambulio kwa mtu ambaye tayari ana fuwele viungoni. Hapo ndipo uchaguzi wa Idi unapokuwa na maana.

Vigezo

Nitavipima vyakula vyote kwa mambo manne yale yale: vina purini kiasi gani na kwa nini, upishi unazifanya nini, mtu kwa kawaida hula kiasi gani kwa mkao mmoja, na anayekiacha chakula hicho anapoteza nini. Hesabu nitakazotoa ni za makadirio, kwa gramu 100 za chakula kibichi. Vipimo hutofautiana kutoka mnyama hadi mnyama na kutoka maabara hadi maabara, kwa hiyo uziangalie kwa upana wake. Ili uwe na kitu cha kulinganishia, madaktari wa Japani, ambako vyakula vingi vimepimwa purini kimoja kimoja, huwashauri wagonjwa wao wasipite miligramu 400 kwa siku.

Maini na jamaa zake

Maini ya ng'ombe yana kama miligramu 220 za purini kwa gramu 100. Figo na moyo ni karibu 175 hadi 185. Maini ya kuku, ambayo wengi huyaona madogo na mepesi, yanapita yote hayo: yanafika 300 na zaidi.

Sababu iko kwenye kazi ya ini lenyewe. Ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za damu, linasafisha sumu, linahifadhi sukari. Seli zake ni nyingi, zimebanana, na nyingi zina vinasaba maradufu, nyingine hata viini viwili ndani ya seli moja. Kwa kuwa kazi ya kutengeneza protini haisimami, seli hizo zimejaa nakala za vinasaba, na nakala hizo zina purini nyingi. Bandama ni hali hiyo hiyo kwa njia nyingine: imejaa seli nyeupe za damu, seli ndogo ambazo karibu zote ni kiini. Kiungo kikiwa na viini vingi na kazi nyingi ya kikemia, ujue purini zake ni nyingi pia. Kanuni hii itakusaidia hata mbele ya kiungo ambacho hukukiona kwenye orodha yoyote.

Matumbo hayako kwenye daraja hili, na huwa nawaambia watu hivyo kwa sababu wengi wanayaweka kapu moja na maini. Ukuta wa tumbo la ng'ombe kwa sehemu kubwa ni misuli laini na nyuzi za kushikilia, na purini zake zinakaribiana na za nyama ya kawaida, au hata chini yake.

Upishi wa maini Lamu ni wa haraka: vitunguu, thomu, pilipili manga, ndimu, dakika chache kwenye kikaango. Kukaanga hakuondoi purini. Maji ndiyo yanayopotea, kwa hiyo gramu 100 zilizoiva zina purini nyingi kuliko gramu 100 mbichi. Na kiasi kinacholiwa ni rahisi kukosea. Maini hukatwa vipande vidogo, yanaliwa na mkate moto, watu wakipita na kuonja sufuriani kabla hayajafika mezani. Mtu aliyeonja hapa na pale anaweza kuwa amemaliza gramu 150 bila kukaa chini kula.

Anayeyaacha anapoteza nini? Mengi, na haki lazima itendeke hapa. Maini yana madini ya chuma karibu mara mbili ya nyama ya kawaida, chuma ambacho mwili unakifyonza vizuri, na vitamini B12 kwa wingi ambao chakula kingine hakiufikii kirahisi. Kwa msichana mwenye upungufu wa damu ambaye hana jongo, maini ni chakula cha maana sana, na wanawake ambao bado wanapata hedhi ni nadra kupata jongo kwa kuwa homoni zao zinasaidia figo kuitoa asidi ya yuriki. Mjamzito ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu, si kwa ajili ya jongo bali kwa ajili ya vitamini A iliyojaa humo, ambayo ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Maini yanamfaa, basi, kijana au mama anayehitaji damu na asiye na historia ya jongo. Kwa mwenye jongo ambaye kipimo chake bado kiko juu ya 6, ni chakula cha kuonja.

Nyama ya mnofu

Nyama ya ng'ombe ina kati ya miligramu 75 na 110, kutegemea sehemu: mnofu mtupu wa paja uko juu, mbavu zenye mafuta ziko chini kwa kuwa mafuta hayana purini za kutajika. Kondoo ni kama 95. Mbuzi mweke humo humo.

Kwa nini ni nusu ya maini au chini yake? Seli ya msuli ni uzi mrefu, na sehemu kubwa ya uzi huo ni protini za kuvuta na kuachia, ambazo zenyewe hazina purini. Viini vyake vimetawanyika pembeni, vichache ukilinganisha na ukubwa wake. Purini nyingi za msuli zinatokana na ile ATP ya nguvu. Mnyama akishachinjwa, ATP huvunjika hatua kwa hatua mpaka kufika kwenye purini iitwayo haipozanthini.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaelezwi. Purini hazifanani kwa madhara. Watu wakilishwa purini moja moja na kupimwa damu, haipozanthini na adenini ndizo zinazopandisha asidi ya yuriki kwa nguvu, kuliko gwanini na zanthini. Maana yake nyama, ijapokuwa ina purini chache kuliko maini, imejaa aina ile inayofika haraka. Huwezi kula nyama mara mbili ya maini ukadhani mmetoka sawa.

Na wekundu? Wekundu wa nyama unatokana na protini inayohifadhi oksijeni kwenye msuli. Hauna uhusiano na purini. Ndiyo maana kidari cha kuku, cheupe kabisa, kina kama miligramu 140, zaidi ya paja la ng'ombe. Nimemsikia mzee mmoja akilalamika, "Mwanangu, nyama nimeiacha tangu mfungo sita, nala kuku tu, na mguu umerudi vile vile." Hakuwa amekosea kutii. Alikuwa amepewa katazo linalotazama rangi. Samaki nao ni hivyo hivyo: changu yuko kama 130, pweza karibu 140, jodari zaidi kidogo ya 150, kamba karibu 190, na dagaa wakavu wanapita hata maini kwa kuwa maji yametoka na seli zimebaki. Sisemi mtu wa Lamu aache samaki. Nasema asibadilishe nyama kwa sahani ya kamba akadhani amepona.

Hata hivyo nyama nyekundu haijasingiziwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 ulifuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi zaidi walipata jongo kwa asilimia kama 40 zaidi ya waliokula kidogo, na waliokula vyakula vya bahari kwa wingi asilimia kama 50 zaidi. Katika watu hao hao, mboga na kunde zenye purini hazikuongeza jongo, na waliokunywa maziwa kwa wingi walipata kidogo. Kwa hiyo mbaazi za nazi na mahamri asubuhi hazina kesi hapa, ijapokuwa bado kuna watu wanaambiwa waache maharage.

Kiasi ndicho tatizo la nyama. Pilau ya sinia haina mipaka, kila mkono unachota upande wake. Lakini nyama ina faida moja juu ya maini: vipande vyake ni vikubwa na vinahesabika. Ukiamua vipande vitatu vya ukubwa wa kiberiti, unajua umefika.

Inamfaa mwenye jongo anayetumia dawa na kipimo chake kimeshuka, na hata ambaye hajaanza dawa, ikiwa kiasi ni kama gramu 100 na si kila siku. Asiye na jongo hana sababu ya kuikimbia kwa ajili ya purini.

Supu

Watu wengi huichukulia supu kuwa kimbilio. Daktari amekataza nyama, basi mtu anawaachia watoto minofu na yeye anakunywa supu na mkate wa mofa. Kusema kweli, kati ya vyote vitatu supu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaonekana haina kitu.

Purini nyingi za nyama zinayeyuka kwenye maji. Ukichemsha nyama kwa saa moja au mbili, sehemu kubwa inatoka kwenye mnofu na kuhamia kwenye mchuzi. Ule utamu mzito wa supu ya mbuzi, unaokaa ulimini hata kabla hujatia ndimu na pilipili, kwa sehemu unatokana na mabaki yale yale ya ATP, hatua mbili kabla hayajawa haipozanthini. Supu ikizidi kuiva, ikazidi kukolea na ikapungua maji, purini zinazidi kukusanyika kwenye kila bakuli. Hesabu ya bakuli moja siwezi kukupa, kwa sababu inategemea nyama ilikuwa kiasi gani, maji kiasi gani na moto uliwaka muda gani. Lakini mwelekeo wake unajulikana vizuri: kinachopotea kwenye nyama kinapatikana kwenye sufuria.

Jambo hili lina upande wa pili ambao ni wa kumfaa mgonjwa. Nyama iliyochemshwa kisha maji yake yakamwagwa, au yakaachiwa wengine, ina purini pungufu kuliko nyama ile ile ikichomwa. Mishikaki inabaki na karibu zote. Kwa hiyo mwenye jongo anayetaka pilau afadhali apikiwe nyama iliyochemshwa kwanza, na wali wake upikwe kwa maji ya kawaida. Najua pilau bila maji ya nyama si pilau ya kujisifia, na mpishi atanung'unika. Sinia moja dogo la pembeni linatosha.

Supu ya mifupa mitupu au ya makongoro ni nafuu kidogo, kwa kuwa humo mna gegedu na nyuzi zaidi ya misuli. Shida ni kwamba mara chache huwa mitupu. Kuna minofu iliyoshikilia, na mara nyingi mtu ametia kipande cha ini kuongeza ladha.

Mtu akiiacha supu hapotezi mengi: joto, chumvi, na baraza la asubuhi. Protini yake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Inamfaa mgonjwa asiye na jongo anayepata nafuu na hawezi kutafuna. Kwa mwenye jongo, iwe supu ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa badala ya bakuli la kushiba. Na kahawa chungu yenyewe, kwa taarifa, haina ubaya na jongo. Wanywaji wa kahawa wameonekana kuwa na jongo kidogo kuliko wasiokunywa.

Idi moja kwa hesabu

Tuchukue mtu wa mfano: fundi wa majahazi wa miaka 58, ameshapata mashambulio mawili, kipimo chake ni 8.4, hajaanza dawa ya kila siku. Anatumia vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, na dawa hizo zenyewe huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Siku ya Arafa amefunga, kwenye joto, na usiku hakunywa maji ya kutosha. Tayari damu imekolea kabla kisu hakijanolewa.

Idi asubuhi anakula maini ya ng'ombe gramu 150: hizo ni kama miligramu 330. Mchana pilau yenye nyama gramu 150, kama 150. Jioni mishikaki gramu 100, kama 100. Jumla 580, bila supu aliyokunywa katikati na bila soda mbili. Soda nazo zina lao, kwa sababu aina ya sukari iliyomo hulifanya ini livunje ATP yake lenyewe na kuitoa asidi ya yuriki. Kesho yake kinachobaki kinaliwa, na kesho kutwa. Utafiti mwingine, wa 2012, uliwafuatilia wagonjwa wa jongo na kutazama walichokula siku mbili kabla ya shambulio: katika zile siku mbili zenye purini nyingi kabisa, hatari ya shambulio ilikuwa karibu mara tano ya siku zenye purini kidogo. Mashambulio mengi huja usiku. Fundi huyu akiamka saa nane za usiku wa tatu na kidole kinawaka, sababu ni mlundikano wa siku hizo zote.

Sasa mpangie upya bila kumtoa kwenye karamu. Usiku wa kuamkia Idi anakunywa maji ya kutosha. Asubuhi anaonja vipande viwili vya ini, gramu 30, kama 65. Anashiba kwa mkate na mbaazi. Mchana nyama iliyochemshwa gramu 100, ambayo kabla ya kuchemshwa ilikuwa kama 100 na sasa ni pungufu. Jioni mtindi, na mishikaki anawaachia vijana. Jumla haifiki 170. Amekula kila alichochinja isipokuwa supu na mishikaki, na amebaki chini ya nusu ya ile 400.

Hilo lakini limepunguza hatari ya wiki hiyo tu. Kipimo cha 8.4 bado kipo. Huyu anahitaji mazungumzo na daktari kuhusu alopurinoli, dawa ya kila siku ya kushusha asidi ya yuriki, ambayo huanzishwa kwa dozi ndogo, aghalabu miligramu 100 kwa siku au chini yake kwa mwenye figo dhaifu, na kuongezwa taratibu mpaka kipimo kishuke chini ya 6. Pia aulize kama kile kidonge cha presha kinaweza kubadilishwa. Asikiache mwenyewe.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama una shambulio sasa hivi, achana na maini, supu na dagaa kabisa mpaka mguu utulie, na nyama iwe kidogo au isiwepo. Mayai, maziwa, mtindi na mbaazi vitakushibisha. Kama ulikuwa tayari unatumia alopurinoli, usiisimamishe kwa sababu ya maumivu. Na usikitegemee kipimo cha damu kilichochukuliwa siku hiyo: wakati wa shambulio asidi ya yuriki huweza kushuka na kuonekana ya kawaida. Rudia wiki mbili au zaidi baada ya kupona. Kiungo kikiwa na moto pamoja na homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo hufanana sana na jongo na hauwezi kusubiri.

Kama umeshapata shambulio, huna dawa ya kila siku na kipimo chako kiko juu ya 6.8, nyama ya mnofu kwa kiasi ndiyo chaguo lako kati ya haya matatu, na iliyochemshwa ni bora kuliko iliyochomwa. Maini ni ya kuonja siku ya Idi. Jibu la maabara likija kwa mikromoli, ligawe kwa 60: 360 ni kama 6, na 408 ni kama 6.8.

Kama unatumia dawa na umekaa chini ya 6 kwa miezi mingi, fuwele zinayeyuka polepole na mwili wako umepata nafasi. Sahani ya maini mara moja moja haitakuharibia, ilimradi usiruke vidonge wiki hiyo ya sherehe, kosa linalotokea sana.

Kama huna jongo ila baba au kaka anayo, huhitaji kuacha chochote. Pima asidi ya yuriki ukienda kupima presha, na ukiona iko juu, anza kwa kupunguza soda na uzito kabla ya kupunguza nyama.

Kama figo zimeshadhoofika, kiasi cha nyama chochote kile kipangwe na daktari wako, na usimeze vidonge vya maumivu vya diklofenaki au ibuprofeni vya dukani hata mguu ukiwaka vipi. Nenda ukapewe dawa nyingine.

Na kwa mama mwenye nyumba anayempikia mwenye jongo na mwenye upungufu wa damu jikoni pamoja: maini mpe binti, minofu iliyochemshwa mpe baba, supu wagawie walio wazima. Mgawie baba sehemu yake kwenye sahani kabla sinia halijaenda mezani, kwa sababu likishafika huko hakuna atakayehesabu.